Modeli inasema kandambili ni karafuu daraja la kwanza

Tulikuwa Wete, Pemba, uani kwa bibi mmoja, karafuu zimo juu ya jamvi siku ya tatu. Programu yetu ya simu inapiga picha ya fungu la karafuu, na modeli iliyomo ndani, tuliyoifundisha kwa picha za mfano, inataja moja kati ya majibu manne: daraja la kwanza, la pili, la tatu, au makonyo, yaani vikonyo vitupu. Asubuhi nzima haikukosea jambo la kutia aibu. Kisha mjukuu akapita mbele ya kamera, akaacha kandambili yake ya buluu pale pale tulipoelekeza simu, mwenzangu akabonyeza, na skrini ikaandika:

```
daraja_1   0.9975
```

Bibi akaivuta simu karibu na macho, akasoma, akacheka. "Haya wanangu, nifungieni na ya pili yake, nizipeleke Shirika la Biashara zikapimwe."

Tulicheka naye, lakini usiku ule sikulala vizuri. Ile 0.9975, yaani uhakika wa modeli kwa kipimo cha 0 hadi 1, ndiyo namba ile ile tuliyokuwa tunaipata kwa karafuu nzuri kabisa. Kama ingekuwa 0.40 ningesema modeli imesitasita. Haikusita hata kidogo.

Kama nawe umefikwa na hali hii, iwe kwa karafuu, samaki, majani ya muhogo au picha za eksirei, fuata dalili hizi kwa mpangilio. Ya kwanza na ya pili usiziruke hata ukiona unazijua, kwa kuwa dawa za mbele zinategemea chanzo kinachoelezwa humo.

Kabla ya yote: hakikisha si hitilafu ya kawaida

Chukua picha mia moja za karafuu ambazo modeli haikufundishwa nazo, zipitishe kwenye simu kwa njia ile ile anayopita mtumiaji, kisha linganisha majibu na yale ya kompyuta. Yakitofautiana, shida yako iko kwenye maandalizi ya picha: pengine rangi nyekundu na buluu zimebadilishana nafasi, au umesahau kugawanya pikseli kwa 255. Rekebisha hilo kwanza. Yakifanana, na karafuu zinatambuliwa vizuri, na bado kandambili ni daraja la kwanza, basi modeli yako ni nzima. Inafanya hasa kile ulichoifundisha, na hapo ndipo penye kasoro.

Dalili ya kwanza: kila kitu kinapewa jina, hata upuuzi

Piga picha ya ukuta. Piga picha ya anga. Tengeneza picha ya pikseli za bahati nasibu, chenga tupu kama za televisheni iliyokosa antena. Zote zitapewa moja ya majina manne. Baadhi zitapewa kwa uhakika mkubwa. Jambo hili si geni: mwaka 2015 Anh Nguyen, Jason Yosinski na Jeff Clune walionyesha picha zisizofanana na kitu chochote machoni pa binadamu, nyingine chenga tupu, ambazo mitandao ya neva, yaani modeli za aina hii hii, iliyosifika wakati huo ilizitaja kwa majina ya vitu kwa uhakika wa zaidi ya asilimia 99.

Chanzo cha kwanza ni hesabu ya mwisho ya modeli. Mtandao hutoa alama nne ghafi, moja kwa kila jina, na alama hizo zaweza kuwa namba yoyote, hasi au chanya. Kisha `softmax` huzigeuza kuwa mafungu manne ambayo jumla yake ni lazima iwe 1. Ni kama mirathi yenye warithi wanne na hakuna baitulmali: mali yote itaisha mikononi mwa hao wanne, hata kama marehemu hakuwa na undugu na yeyote kati yao. Jibu la "hapana hata mmoja" halina fungu la kuwekwa. Kwa hiyo 0.9975 haikuwa na maana kwamba "nina uhakika hii ni karafuu daraja la kwanza". Maana yake ilikuwa: "kati ya majina haya manne, na nikilazimika kuchagua, la kwanza limewapita wenzake kwa mbali".

Chanzo cha pili ni kirefu zaidi, na ndicho watu wengi hawakioni. Uchukue mfano huu wa ramani.

Tuseme unafundisha modeli ndogo kutofautisha Mkoa wa Kaskazini Pemba na Mkoa wa Kusini Pemba, na kitu pekee inachokiona ni latitudo. Unaipa vijiji vya Wete na Micheweni upande mmoja, vya Chake Chake na Mkoani upande mwingine. Itachora mstari, tuseme kwenye nyuzi 5.15 kusini. Mji wa Wete uko kama sehemu ya kumi ya nyuzi moja kaskazini ya mstari, na Chake Chake iko karibu umbali huo huo kusini yake. Tuseme pia modeli imejifunza kuzidisha umbali huo kwa kumi kabla ya kuugeuza kuwa uhakika. Wete inapata alama 1, ambayo ni uhakika wa asilimia 73 kuwa ni Kaskazini Pemba. Si mbaya kwa mji ulio karibu na mpaka.

Sasa ipe Mombasa. Mombasa iko kama nyuzi 1.1 kaskazini ya mstari ule. Alama yake ni 11, na uhakika ni asilimia 99.998. Yaani kwa modeli hii Mombasa ni Kaskazini Pemba kuliko Wete yenyewe. Ukiipa Mogadishu, kompyuta itakuandikia 1.0 kamili. Ukiipa Dar es Salaam itakuapia kuwa ni Kusini Pemba.

Hakuna aliyeidanganya. Iliombwa kuchora mstari kati ya vitu viwili, ikachora. Mstari hauna mwisho: unavuka pwani, unaingia baharini, unaukata ulimwengu mzima vipande viwili. Na uhakika unapimwa kwa umbali kutoka kwenye mstari, kwa hiyo kadiri unavyokwenda mbali na Pemba, ndivyo modeli inavyozidi kujiamini. Mafunzo hayakuiuliza hata mara moja kama mahali hapa pako Pemba au la.

Mtandao wa neva wa kuainisha karafuu ni mstari huo huo, ila umekunjwa mara nyingi, katika nafasi yenye vipimo mamia. Mtu anaweza kudhani mikunjo inasaidia. Kwa mitandao inayotumia `ReLU`, yaani hatua inayogeuza kila namba hasi kuwa sifuri, Matthias Hein na wenzake walithibitisha kihisabati mwaka 2019 kwamba haisaidii: ukiondoka kwenye data na kusonga mbali zaidi na zaidi upande mmoja, mikunjo huisha, mtandao unakuwa mnyoofu, na karibu kila upande utakaoshika uhakika utapanda kuelekea 1. Hilo halitokani na uchache wa data wala uzembe wa mafunzo. Limo kwenye umbo la kitu chenyewe.

Ukishalielewa hili, dawa inajionyesha. Kujua kuwa Mombasa si Pemba, usiulize iko upande gani wa mstari. Uliza kijiji cha Pemba kilicho karibu nayo zaidi kiko umbali gani. Tutafika huko, lakini karibu kila mtu hupitia njia ya mkato kwanza, nasi tulipitia.

Dalili ya pili: umepandisha kizingiti, na kandambili bado zinapita

Njia ya mkato ni hii: kama uhakika uko chini ya 0.9, programu iseme "sijui". Ikishindwa, unapandisha hadi 0.95. Kisha 0.99. Sisi tulifika 0.995. Kandambili ikaendelea kupita, huku karafuu halisi zilizopigwa picha magharibi, mwanga ukiwa hafifu, zikianza kukataliwa.

Njia hii haifai kudharauliwa. Dan Hendrycks na Kevin Gimpel waliipendekeza mwaka 2016 kama kipimo cha kuanzia, na kwa vitu vingi vigeni inasaidia kuliko kutofanya lolote. Lakini ina tundu, na tundu lenyewe linaonekana ukitazama alama ghafi. Hizi nimezisawazisha kidogo ili hesabu iwe nyepesi:

```
karafuu nzuri:   14.0    8.0    3.0    1.0
kandambili:       5.2   -0.8   -5.8   -7.8
```

Tazama tofauti. Katika mstari wa juu, jina la kwanza limempita wa pili kwa 6, wa tatu kwa 11, wa nne kwa 13. Katika mstari wa chini, vivyo hivyo: 6, 11, 13. `softmax` huangalia tofauti peke yake. Ukiziongezea au kuzipunguzia alama zote kiasi kile kile, jibu halibadiliki hata chembe. Kwa hiyo mistari yote miwili inatoa 0.9975, na hakuna kizingiti duniani kitakachoitenganisha, kwa kuwa taarifa iliyowatofautisha ilikwisha kutupwa kabla kizingiti hakijaulizwa.

Taarifa iliyotupwa ni ukubwa wa ushahidi wenyewe. Karafuu ilizisisimua sehemu za mtandao zilizofundishwa kutafuta makonyo, weusi na rangi ya udongo, alama zikapanda hadi 14. Kandambili ilizigusa kidogo tu, alama ya juu ikawa 5.2. Basi soma ukubwa huo kabla haujafutwa:

```python
z = modeli(x)                          # alama ghafi
p = torch.softmax(z, 1).max(1).values  # uhakika wa kawaida
s = torch.logsumexp(z, 1)              # jumla ya ushahidi
```

Kwa karafuu `s` ni kama 14.0, kwa kandambili ni kama 5.2. Sasa kizingiti kina mahali pa kusimama. Kipimo hiki kilienezwa mwaka 2020 na Weitang Liu na wenzake kwa jina la alama ya nishati, na uzuri wake ni kwamba hufundishi upya chochote. Ni mstari mmoja wa msimbo, unaufunga kwenye modeli uliyonayo leo.

Niongeze jambo moja kwa kuwa huulizwa kila mara. Kuna njia ya kugawanya alama ghafi kwa namba moja ili uhakika ulingane na usahihi halisi: modeli ikisema 0.8, iwe imepatia mara nane katika kumi. Ni kazi nzuri na ifanyike. Lakini namba hiyo unaitafuta kwa kutumia picha za karafuu, kwa hiyo inakuahidi jambo kuhusu karafuu tu. Kuhusu kandambili haijaahidi kitu.

Dalili ya tatu: kandambili inakataliwa, kumbi la nazi linapita

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi. Baada ya kuweka `logsumexp`, kandambili, ukuta, anga na uso wa mwenzangu vyote vilikataliwa. Kisha upepo ukasukuma kipande cha kumbi la nazi juu ya jamvi, tukakipiga picha kwa makusudi, na jibu likawa daraja la pili. Jumla ya ushahidi: 12.6. Karafuu kamili kwa kipimo kile.

Mara ya kwanza unadhani ni bahati mbaya. Jaribu na kamba ya usumba, na ganda la mhogo lililokauka, na udongo mwekundu. Ukiona vitu vya rangi moja vyote vinapita, basi chanzo kiko ndani zaidi ya alama ghafi.

Fikiria tulichoufundisha mtandao. Picha zote ilizowahi kuziona zilikuwa za karafuu na makonyo. Kutofautisha madaraja inatakiwa itazame rangi, weusi, uchafu na mchanganyiko wa makonyo. Umbo la karafuu, kile kijikucha chenye kichwa, liko katika kila picha ya madaraja matatu, kwa hiyo halisaidii kutenganisha la kwanza na la tatu, na mtandao haukuwa na sababu kubwa ya kulitunza. Mafunzo hufanya uchumi: kisichosaidia kupata jibu hupuuzwa. Mwisho wake, katika tabaka la mwisho, kumbi la nazi na karafuu daraja la pili vimekuwa kitu kimoja, yaani hudhurungi ya wastani yenye nyuzinyuzi. Huwezi kupima umbali kati ya vitu ambavyo mtandao umekwisha kuvifanya kuwa kimoja.

Kwa hiyo macho ya kumtambua mgeni yasiwe yale yale ya kupanga madaraja. Chukua mtandao wa jumla uliofundishwa kwa picha zaidi ya milioni moja za vitu vya kila aina, usiuguse tena, na uutumie kama jicho la pili. Mtandao huo umewahi kulazimika kutofautisha kikapu na ndizi na kiatu, kwa hiyo haujatupa umbo. `ResNet-18`, mtandao wa aina hiyo uliofundishwa kwa mkusanyo wa picha uitwao `ImageNet`, unatosha kuanzia: ukiondoa tabaka lake la mwisho, kila picha inakuwa orodha ya namba 512.

Sasa tunarudi kwenye swali la kijiji kilicho karibu. Pitisha picha zako za mafunzo kwenye jicho hilo na uhifadhi orodha zake. Hiyo ndiyo benki. Picha mpya ikija, pima umbali wake hadi picha ya kumi kwa ukaribu ndani ya benki:

```python
h = F.normalize(jicho(x), dim=1)
d = torch.cdist(h, benki)
d = d.topk(10, largest=False).values[:, -1]
```

`benki` nayo iwe imepitishwa `F.normalize` vile vile, vinginevyo unalinganisha pishi na kilo. Umbali utakuwa kati ya 0 na 2. Kwa nini wa kumi na si wa kwanza? Kwa sababu katika benki hakukosekani picha moja mbovu, mkono wa mtu au kivuli, na mgeni anayefanana na hiyo moja atapita. Akitakiwa kufanana na kumi, hapiti kirahisi. Kuhusu uzito usihofu: picha 2,000 zenye namba 512 ni kama megabaiti 4 tu, simu ya kawaida inazibeba.

Kumbi la nazi lilikataliwa siku hiyo hiyo. Kamba ya usumba pia. Udongo mwekundu ulihitaji kizingiti kikali zaidi kidogo, nasi tukauacha, hakuna anayepeleka udongo akitegemea daraja.

Mtu mmoja aliniuliza kwa nini tusifundishe modeli inayokadiria uwezekano wa picha yenyewe kutokea, halafu tukatae zenye uwezekano mdogo. Kwa akili ndiyo njia iliyonyooka. Kwa vitendo ina mtego: mwaka 2019 Eric Nalisnick na wenzake walionyesha modeli za aina hiyo, zilizofundishwa kwa picha za wanyama na magari, zikizipa picha za namba za nyumba uwezekano mkubwa kuliko picha walizofundishwa nazo. Picha nyepesi, zisizo na mambo mengi, hupata alama za juu bila kuwa za jamii hiyo. Mimi nimebaki na majirani kumi.

Dalili ya nne: sasa inakataa karafuu zenyewe

Hii ndiyo dalili inayoua programu, kwa sababu mkulima aliyekataliwa mara tatu huifuta. Vyanzo nilivyokutana navyo ni vitatu, na cha kwanza kilikuwa kosa letu wenyewe.

Kizingiti unakiweka hivi: chukua picha za karafuu zisizo katika benki, pima umbali wa kila moja, zipange, na uweke kizingiti pale ambapo asilimia 95 ziko ndani. Sisi tulifanya hivyo, tukapata kizingiti kidogo sana, tukafurahi. Kijijini kikakataa karibu nusu ya picha. Ilikuwaje? Kila jamvi tulilipiga picha kama ishirini, kisha tukazichanganya zote na kuzigawa kwa bahati nasibu. Picha ya jamvi moja ikaingia benki, ndugu yake wa jamvi hilo hilo, mwanga huo huo, simu hiyo hiyo, akaingia kwenye majaribio. Umbali kati yao ni kama hakuna. Kizingiti kilikuwa kinapima ndugu wa tumbo moja, halafu tukakipeleka kwa majirani. Gawa kwa jamvi, au bora zaidi kwa kijiji: picha zote za kijiji kimoja ziwe upande mmoja. Kizingiti kitapanda, na hicho ndicho cha kweli.

Chanzo cha pili ni mazingira mapya. Mwaka ule baadhi ya watu walianika juu ya turubai la buluu. Karafuu ni zile zile, modeli ya madaraja inazipatia vizuri, lakini jicho la pili linaona ubuluu ambao benki haijui. Hapa kigunduzi chetu cha wageni hakikukosea. Picha kweli ni ngeni. Kosa ni kuwaza kuwa ugeni wa picha na kutokuwa karafuu ni jambo moja. Ukitaka kujua kilichokukuta, tazama picha kumi zilizokataliwa pamoja na jirani wa karibu wa kila moja ndani ya benki. Ikiwa zote ni karafuu na zinatofautiana na jirani kwa kitambaa cha chini, mwanga au simu, usiguse kizingiti. Hakikisha kwanza kuwa modeli ya madaraja inazipatia, kisha ziingize benki. Hapo ndipo njia ya majirani ninapoipendea: turubai la buluu liliingia kwa dakika tano, bila kufundisha chochote upya.

Chanzo cha tatu si hitilafu, ni hesabu. Tuseme siku moja zinapigwa picha 400, na kati yake 8 ndizo za vitu vigeni kweli. Kizingiti cha asilimia 95 kitakataa asilimia 5 ya karafuu halisi, yaani kama 20. Kitakamata, tuseme, 7 kati ya wageni 8. Skrini ya "sijui" itatokea mara 27, na mara 20 kati ya hizo mtu alikuwa na karafuu mkononi. Ukipeleka ripoti yenye asilimia nzuri, mkulima yeye anaona hizo 20. Ukihamishia kizingiti kwenye asilimia 99, watakataliwa 4 tu, na pengine utapoteza mgeni mmoja au wawili. Kwetu makosa ya aina hiyo ni nafuu: kandambili ikipita, watu wanacheka. Mahali ambapo mgeni akipita mtu anadhurika, utageuza mizani.

Hata maneno ya skrini tuliyabadili. Mwanzo ilikuwa "Picha si sahihi", na wazee walihisi wanasutwa. Sasa inasema "Sijaitambua picha hii. Sogea karibu, piga tena." Wengi wakipiga tena inapita, kwa sababu mara nyingi walikuwa wamesimama mbali na robo tatu ya picha ilikuwa sakafu.

"Si mngeongeza jina la tano, 'nyinginezo'?"

Tulijaribu. Tulipiga picha mia tatu za kandambili, vikapu, kuku, miguu na mawe, tukaziita nyinginezo, tukafundisha upya. Kandambili zote zikakamatwa. Kisha likaja pakiti la biskuti, likawa daraja la tatu. Jina la tano huongeza mstari mmoja zaidi kwenye ramani, nao hauna mwisho kama wenzake: unakata pale ulipouonyesha mifano, kwingine unapita unakotaka. Kwa wageni wanaojirudia, kama kandambili kwenye ua wa watu, uweke, unasaidia. Kwa wale usioweza kuwaorodhesha, bado unahitaji umbali.

Dalili ambayo kigunduzi hakitaiona

Tulirudi kwa yule bibi na toleo jipya. Kandambili: sijaitambua. Kumbi: sijaitambua. Akaridhika, kisha akatuletea pakacha la karafuu alizozianua mapema kwa kuogopa mvua. Programu ikasema daraja la kwanza, umbali mdogo kabisa, ushahidi mkubwa, kila kipimo shwari.

Akachukua moja, akaikunja kati ya kidole gumba na kucha. Ilipinda, haikuvunjika. "Hii bado mbichi ndani," akasema. "Ukiitia kiroba itavunda."

Nilizikagua picha zile usiku kwenye kompyuta, pikseli kwa pikseli, na picha za karafuu zake zilizokauka. Kwa rangi na umbo hazikuwa na tofauti yoyote niliyoweza kuionyesha. Unyevu haukuingia kwenye kamera, kwa hiyo haukuwamo kwenye alama ghafi, wala kwenye zile namba 512, na hakuna kizingiti cha kuutafuta humo. Kwenye skrini ya jibu tumeongeza mstari mmoja wa maandishi, unatokea kila mara bila kuhesabu chochote: "Vunja moja kwanza."